Kutoa jua usoni na kuliacha pichani

Mpiga picha anayemweka mtu wake jua likiwa mgongoni anatafuta mwanga wa dhahabu unaouzunguka utaji, kilemba au nywele, na maji yanayometa nyuma. Anaupata, na pamoja nao anapata vitu viwili ambavyo hakuviomba. Kimoja ni ukungu uliotanda picha nzima, ukaupausha uso na kugeuza nguo nyeusi kuwa ya kijivu chenye wekundu. Cha pili ni mchirizi wa mwanga unaotoka upande wa jua na kukata shavu, pua au jicho. Kazi ya mhariri ni kuviondoa hivi viwili bila kugusa ule mwanga wa dhahabu, na ugumu wake ni kwamba vyote vitatu vimetoka kwenye jua moja na vina rangi inayokaribiana.

Nitaifafanua kazi hii kwa picha moja ya bwana harusi wa Lamu. Amekaa tezi ndani ya mashua, kwenye mkono wa bahari kati ya mji na kisiwa cha Manda, yapata saa kumi na mbili kasorobo jioni. Amevaa kanzu, joho jeusi lenye nakshi ya uzi wa dhahabu na kilemba. Mpiga picha ameelekea magharibi, kwa hiyo nyuma ya bwana harusi kuna mji, na juu ya mapaa kuna jua. Wakati huo hauna nafasi ya kurudia rudia. Lamu iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, na huku jua hushuka karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa saa. Mwanga wa dhahabu ukishafika, umekaribia kuondoka. (Malindi mambo ni kinyume: pwani yake inatazama mashariki, na mwenye kutaka jua na bahari nyuma ya mtu aamke alfajiri.)

Picha ilipofika mezani, maelekezo ya mama yake bwana harusi yalikuwa mafupi: "Mwanangu, jua liache, lakini uso wake niuone." Hakuna mwalimu wa uhariri aliyewahi kuniwekea jambo hili vizuri zaidi ya hapo.

Kwanza tujue ukungu huo umetoka wapi, maana kuna ukungu wa aina mbili na dawa zake hazifanani. Ukungu wa hewani ni chumvi ya bahari, moshi au mvuke ulio kati ya kamera na kitu. Kadiri kitu kinavyokuwa mbali ndivyo unavyokifunika zaidi. Ukungu wa lenzi haujali umbali. Huo ni mwanga wa jua ulioingia ndani ya lenzi, ukagonga kioo kimoja ukarudi, ukagonga kingine, ukatawanyika, mwishowe ukaangukia kihisi mahali pasipo pake. Kila uso wa kioo usiopakwa dawa hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga unaoufikia. Dawa za kisasa hushusha kiasi hicho chini ya nusu asilimia, lakini jua lina nguvu mno kiasi kwamba hata hicho kidogo kinaonekana. Na hayo ni kwa lenzi safi. Lenzi yenye alama ya kidole, rasharasha za maji ya chumvi au mafuta ya kujipaka hutawanya mwanga kuliko vioo vyake vyote.

Kupambanua ni rahisi. Tazama kitu cheusi kilicho karibu na kitu cheusi kilicho mbali. Kwenye picha yetu joho liko kama mita 2 kutoka kwenye kamera, na nyuma kuna dirisha lenye giza la nyumba ya mbele baharini. Kama joho limepauka sawa na lile dirisha, au zaidi, basi ukungu ni wa lenzi, kwa kuwa hewa ya mita 2 haiwezi kulipausha joho. Mchirizi nao una kitambulisho chake: ukiurefusha kwa rula, mstari wake unapita kwenye jua lenyewe. Huo mara nyingi husababishwa na uchafu uliopanguswa upande mmoja, kwa sababu mikwaruzo ya mafuta kwenye kioo hutawanya mwanga kwa njia inayokatana nayo: ukipangusa simu kwa kidole kutoka juu kwenda chini, mchirizi utalala kushoto na kulia. Madoa ya duara au ya pembe nyingi ni kitu kingine, ni jua lililorudishwa na vioo viwili vya lenzi, na aghalabu hujipanga kwenye mstari unaotoka kwenye jua na kupita katikati ya picha.

Sasa tufike kwenye kiini. Ukungu wa lenzi ni nyongeza. Haupunguzi mwanga halisi wa uso wala wa joho; unaongeza juu yake kiasi kinachokaribia kuwa sawa kila mahali. Ukimpa shilingi 100 mtu mwenye shilingi 5 na mwenzake mwenye shilingi 5,000, wa kwanza maisha yake yamebadilika na wa pili hata hakuhisi. Ndivyo ukungu unavyofanya. Anga lililojaa mwanga halijali nyongeza hiyo, lakini joho, ndevu, mboni ya jicho na kivuli cha chini ya pua, vyote vilivyokuwa na mwanga kidogo, huvimba na kupoteza weusi wao. Uso ulio kivulini uko katikati, nao huumia vya kutosha.

Kama ukungu ni nyongeza, dawa yake ni kutoa. Kanuni haina zaidi ya hili:

```
uso halisi = uso wa pichani − ukungu
```

Hapa ndipo kitelezi cha Dehaze kinapowaangusha wengi. Zana za jina hilo zimetengenezwa kwa ajili ya ukungu wa hewani. Hesabu yake inachukulia kwamba ukungu umeongeza mwanga wake na wakati huohuo umezuia sehemu ya mwanga wa kitu, kwa hiyo inatoa halafu inakuza kile kilichobaki ili kufidia. Kwenye ukungu wa lenzi hakuna kilichozuiwa, na ukuzaji huo ni wa bure. Matokeo yake kwenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi yanajulikana: uso unakuwa wa rangi ya tofali, mabaka ya chungwa yanatokea mashavuni, anga linakolea kupita kiasi na kichwa kinazungukwa na utepe wa giza. Sisemi kitelezi kisiguswe kamwe. Kikiwekwa kidogo kinaweza kusaidia mandhari ya nyuma, ambako huenda kuna ukungu wa hewani kweli. Usoni sikitumii.

Kuna mtego mwingine, nao haujadiliwi sana. Namba za rangi tunazoziona kwenye kompyuta, zile za 0 hadi 255, si kipimo cha mwanga wenyewe. Zimekunjwa kufuata namna jicho linavyoona, hivyo 100 si nusu ya mwanga wa 200, ni kama robo yake tu. Ukungu uliongezeka kama mwanga, kabla namba hazijakunjwa. Ukiutoa kwenye namba zilizokunjwa utakuwa umetoa kingi mno sehemu za kati, na sehemu za kati ndizo uso. Lazima utoe kwa kipimo cha mwanga, kile ambacho programu hukiita linear.

Natumia GIMP kwa sababu ni ya bure na wengi wanayo, lakini programu yoyote yenye leya na hesabu ya linear inafaa. Kama kamera ilihifadhi faili ghafi, lifungue kwanza kwenye darktable au RawTherapee, ulitoe kama TIFF ya biti 16 bila kuongeza utofauti wa mwanga na giza. Kisha ndani ya GIMP nenda Image, halafu Precision, uchague 32-bit floating point na Linear light. Picha haitabadilika kwa macho, ila hesabu itakuwa na nafasi ya kupumua.

Hatua ya kwanza ni kuupima ukungu, na hauupimi usoni. Unaupima kwenye kitu unachojua ni cheusi. Ndiyo maana joho ni bahati kubwa, kama lilivyo buibui. Chukua Color Picker, weka alama kwenye Sample average ili isome wastani wa eneo badala ya pikseli moja, kisha bofya ndani ya mkunjo mzito wa joho, mahali ambapo nakshi haifiki. Kwenye picha yetu ilisoma 96 nyekundu, 78 kijani na 62 buluu. Kitambaa cheusi mkunjoni kilipaswa kusoma kama 18 hivi kwa zote tatu. Kwa hiyo karibu kila kilichoonekana pale ni ukungu, na rangi yake ni ya machungwa: nyekundu nyingi, buluu chache. Shavu lililo kivulini lilisoma 150, 112, 88.

Ongeza leya mpya juu ya picha, ujaze rangi hiyo ya joho, ubadilishe Mode iwe Subtract. Bofya leya kwa kitufe cha kulia, tafuta Blend Space, uhakikishe ni RGB (linear). Picha nzima itazama gizani kwa ghafla, usishtuke. Shusha Opacity ya leya hadi 85. Sasa joho linasoma 36, 28, 20 na shavu 125, 88, 67.

Tusimame kidogo kwenye namba hizo, kwa kuwa zinabeba jambo lote. Kabla ya kutoa, chaneli nyekundu ya shavu ilikuwa na mwanga mara 2.6 tu ya joho, ndiyo sababu uso na nguo vilionekana kama vimechapwa kwa wino mmoja. Baada ya kutoa, shavu lina mwanga karibu mara 12 ya joho. Uso umejitenga, na haukuhitaji kusukumwa kwa kitelezi cha Contrast hata kidogo. Linganisha na yule anayefanya kazi hiyohiyo kwa Levels za kawaida, kwenye namba zilizokunjwa: akivuta weusi wa kila chaneli mpaka joho lifike 36, 28, 20 hizohizo, shavu lake litaishia 110, 72, 52. Joho ni lilelile, lakini bwana harusi amepigwa giza asilolistahili na ngozi yake imekolea wekundu. Watu huona hivyo wakadhani kamera haikupata mwanga wa kutosha usoni. Mwanga ulikuwepo, umetolewa na hesabu mbaya.

Kwa nini 85 na siyo 100? Sababu ya kwanza ni kwamba joho lenyewe hurudisha mwanga kidogo, hivyo rangi tuliyopima si ukungu mtupu. Ya pili ndiyo inayolinda joto la picha. Ukitoa ukungu wote, weusi unarudi kuwa weusi usio na rangi, kama wa studio, na jicho linagundua kwamba mtu huyu hakai chini ya jua lile lililo nyuma yake. Weusi wa 36, 28, 20 ni weusi wenye udhurungi. Hapo ndipo joto la machweo linapojificha ndani ya vivuli, na ukiliacha kidogo tu picha nzima inabaki kuwa ya jioni. Kati ya 75 na 90 kuna nafasi ya ladha ya mtu. Chini ya 70, mama atasema uso hauonekani.

Jambo ambalo litaua joto hilo papo hapo ni amri ya kusawazisha weupe yenyewe, iliyo Colors, Auto, White Balance. Hiyo hunyoosha kila chaneli peke yake kutoka mwisho hadi mwisho, nayo haijui kwamba machungwa ya machweo yamekusudiwa. Isiguswe.

Leya yetu sasa inatoa ukungu kila mahali, hata angani na kwenye mapaa, ambako tunautaka. Iongezee maski nyeusi: Add Layer Mask, Black (full transparency). Leya inafichika. Kwa brashi kubwa laini yenye rangi nyeupe, paka uso, shingo, kanzu na joho. Usifuate mpaka wa kichwa kwa umakini wa fundi wa kukata karatasi. Ukungu wa lenzi hauna mipaka mikali, ni mteremko laini, na maski nayo lazima iwe hivyo. Ukimaliza kupaka, itie maski Gaussian Blur kubwa, kama pikseli 150 kwa picha ya megapikseli 24, mpaka usione tena inapoanzia. Acha kiasi kimwagike kwenye mandhari yanayogusana na kichwa. Maski iliyokatwa sawasawa na kichwa ndiyo inayozaa ule utepe wa giza, na ukiuona, tatizo ni Gaussian Blur ya maski kuwa ndogo, siyo Opacity.

Ukungu pia haulingani kutoka upande hadi upande. Kwenye picha yetu jua liko juu ya bega la kushoto la picha, na ndevu za taya la upande huo zilisoma juu kuliko mkunjo wa joho ulio chini kulia, ingawa ndevu zenyewe ni nyeusi tii. Katika hali hiyo jaza leya kwa rangi ya sehemu yenye ukungu mkubwa, kisha kwenye maski punguza weupe kadiri unavyoteremka mbali na jua, hadi kijivu cha mwanga kifuani. Utajua mteremko umekaa sawa pale joho litakapokuwa na weusi mmoja kutoka begani hadi magotini. Likiwa na kijivu begani na giza tupu magotini, bado.

Hapa kuna uamuzi unaohitaji jicho kuliko namba. Shavu lililo upande wa jua, sikio na ukingo wa kilemba vinapaswa kubaki na sehemu ya mng'ao, kwa sababu hata macho yetu huona mng'ao yanapotazama mtu aliyesimama mbele ya jua. Mimi huacha kama theluthi ya ukungu kwenye ukingo wa uso upande wa jua, kisha nausafisha kwa kadiri ninavyoelekea puani. Uzi wa mwanga unaochora kilemba siugusi kabisa, maana ule haukuzaliwa ndani ya lenzi. Ni jua halisi lililopiga kitambaa.

Sasa mchirizi. Ulikata kutoka nyusi ya kushoto, ukapita juu ya pua, ukaishia shavu la kulia. Silika ya wengi ni kuchukua Heal au Clone na kuupaka kwa ngozi ya jirani, na hapo ndipo uso unapogeuka plastiki, kwa kuwa pua na nyusi zina maumbo ambayo hayapatikani mahali pengine usoni. Lakini mchirizi nao ni nyongeza. Vinyweleo na mistari ya ngozi viko palepale chini yake, wala havikufutwa. Hivyo tunautoa pia.

Rangi ya mchirizi siyo ile unayoiona, kwa sababu unayoiona ni mchirizi pamoja na ngozi. Ili kuipata peke yake kuna njia ya mkato. Ficha kwanza leya ya ukungu, uanze na picha ilivyokuja. Pima ngozi iliyo pembeni kabisa mwa mchirizi, ujaze leya ya muda kwa rangi hiyo, uiweke Subtract kwa Opacity 100. Kilichobaki pale penye mchirizi ni mchirizi mtupu. Kisome kwa Color Picker ukiwa umeweka alama kwenye Sample merged, kisha futa leya ya muda na urudishe ile ya ukungu. Kwetu, ngozi pembeni ilikuwa 150, 112, 88 na ndani ya mchirizi 205, 150, 104. Tofauti ilisoma karibu 150, 106, 57, machungwa yaliyokolea kuliko ule ukungu wenyewe.

Ongeza leya nyingine ya Subtract, safari hii iliyojazwa nyeusi. Kutoa nyeusi ni kutoa sifuri, kwa hiyo hakuna kinachobadilika. Juu yake, kwa rangi uliyoipima, chora mchirizi: bofya mwanzo wake, shikilia Shift, bofya mwisho wake, na GIMP itachora mstari ulionyooka. Mchirizi una kiini chembamba chenye nguvu na mabawa mapana hafifu, kwa hiyo anza na brashi pana laini kwa Opacity ndogo, kisha pita tena kwa brashi nyembamba katikati. Mwisho itie leya Gaussian Blur ndogo hadi kingo zake zilingane na kingo za mchirizi, na urekebishe Opacity ya leya nzima huku ukitazama kwa karibu.

Macho yatakuambia umekosea upande gani. Mstari ukibaki mwepesi wenye rangi ya chungwa, hujatoa vya kutosha. Ukigeuka giza kuliko ngozi, umepitiliza. Ukiwa na mwanga sawa na ngozi lakini una ukijani au ubuluu, basi kiasi ni sahihi ila rangi uliyotoa ina nyekundu nyingi mno. Ipunguze hapo, usihangaike na Opacity. Na kama mstari mmoja umepotea puani lakini bado upo nyusini, hiyo ni kawaida, kwa kuwa mchirizi hufifia kadiri unavyoachana na jua. Ongeza Opacity hadi upotee nyusini, kisha iongezee leya maski na uipunguze kwa kijivu upande wa mbali.

Njia hii ina mpaka mmoja mgumu. Kama kiini cha mchirizi kimefika 255 kwenye chaneli nyekundu, taarifa imekatika. Kamera haikuandika ni kiasi gani kilizidi, kwa hiyo hatujui kilichobaki ni kipi baada ya kutoa. Dalili yake ni ukijani wa maiti unaojitokeza kwenye kiini pekee, kingo zikiwa safi. Kwanza rudi kwenye faili ghafi, ushushe Exposure, uangalie kama nyekundu inarudi. Mara nyingi inarudi. Kama ulicho nacho ni JPEG tu, afadhali kidogo ni kwamba kijani na buluu kwa kawaida hazijakatika, na umbile la ngozi linaishi humo. Kwa hiyo huhitaji kubandika ngozi ya kuazima, unahitaji rangi tu. Leya mpya, Mode iwe LCh Color, brashi laini kwa Opacity ya 40 au 50, rangi ichukuliwe kwenye ngozi ya pembeni iliyokwisha kusafishwa, na upake juu ya kile kiini. Umbile linabaki la mwenyewe. Zikikatika chaneli zote tatu, pale hakuna tena ngozi ya kuokoa, na ni hapo tu ninapokubali Clone.

Kuna kitu kingine ambacho kutoa hakukirudishi, nacho ni utulivu. Mwanga wowote unaofika kwenye kihisi huja na chembechembe za bahati nasibu. Tunaweza kutoa wastani wa ukungu, lakini chembechembe zake zinabaki nyuma, na sasa zimekaa kwenye uso ulio giza kuliko mwanzo. Kwa simu hili linaonekana sana. Punguza chembechembe za rangi kwa upole na uziache za mwanga, maana zile za mwanga jicho huzichukulia kama ngozi.

Baada ya ukungu na mchirizi kuondoka, uso utakuwa na giza kidogo na pengine ubaridi. Msishangae. Uso wa mtu aliyelipa jua mgongo haumulikwi na jua, unamulikwa na anga la mashariki lililo mbele yake, na anga hilo ni la buluu. Ukungu ulikuwa unaficha ukweli huo. Sasa ndiyo wakati wa kuinua mwanga wa uso, siyo kabla, kwa sababu ukiinua kabla unaukuza ukungu pia. Nusu stopu ya Exposure kwa maski ileile ya uso ilitosha kwa bwana harusi. Joto nililirudisha kwa Color Temperature kwenye uso peke yake, kidogo tu, hadi weupe wa jicho ulipoacha kuonekana wa buluu. Usiufikishe kwenye umanjano. Weupe wa jicho ukiwa wa manjano watu hawataona machweo, wataona homa.

Walio na simu tu hawana Subtract kwenye programu nyingi, lakini wana Curves, nayo inaweza kuiga hesabu hii kwa ukaribu mkubwa. Siri ni kwamba mstari lazima ujikunje. Kwa chaneli nyekundu ya picha yetu, 96 inashuka hadi kama 36, 150 hadi 125, na 200 inashuka hadi kama 184 tu. Yaani unavuta sehemu ya chini kwa nguvu huku ukizuia sehemu ya kati isifuate. Wengi hufanya nusu ya kwanza wakasahau ya pili. Fanya hivyo kwa kila chaneli, buluu ukiivuta kidogo kuliko zote kwa kuwa ukungu wake ni mdogo, kisha tumia maski ya programu hiyo kuiweka usoni na mavazini.

Anayepiga picha leo jioni anaweza kumpunguzia mhariri kazi kwa kupiga picha ya pili papo hapo, mkono au ukingo wa leso ukiwa umeziba jua tu, mtu asisogee. Picha hiyo ya pili haina uzuri wowote, ina kidole ndani yake, lakini uso wake hauna ukungu wala mchirizi. Ukiifungua kama leya juu ya ya kwanza una ushahidi wa jinsi joho lilivyo jeusi na ngozi ilivyo, huhitaji kubahatisha Opacity. Kichujio cha bei rahisi kilichofungwa mbele ya lenzi kivuliwe kabla ya kuelekea jua, maana ni kioo kingine cha kurudisha mwanga, na lenzi ipanguswe kwa kitambaa kikavu kisafi kwa mzunguko, siyo kwa upindo wa kanzu yenye chumvi.

Kazi ikiisha, unganisha leya kwenye nakala, rudisha Precision kwenye biti 8 na ukubali dithering inapoulizwa, la sivyo anga la machweo litajigawa ngazi ngazi mahali maski ilipoteremka. Kisha mtumie mwenye picha kwa WhatsApp kama dokumenti badala ya picha ya kawaida, kwa sababu mgandamizo wa picha ya kawaida huharibu kwanza kabisa vivuli vyenye joto, vile ulivyotumia jioni nzima kuvilinda.